Stoo ya saruji: 39,500 au 38,000?

"Tarehe 1 nilinunua mifuko 100 ya saruji kwa 700 kila mfuko. Tarehe 8 nikauza 60, tarehe 15 nikaongeza 80 kwa 790, tarehe 20 nikauza 70. Nikihesabu ya zamani ikitoka kwanza, mifuko 50 iliyobaki ni 39,500. Nikitumia wastani ni 38,000. Ipi ni ya kweli?"

Dada, zote mbili ni sahihi. Nimeshika vitabu vya maduka ya hadiwea hapa Nairobi miaka mingi, na swali hili linarudi kila bei ya saruji inapopanda.

Umetumia 133,200 kununua. Kila njia inagawa pesa hizohizo kati ya mifuko iliyouzwa na iliyobaki. Ya zamani ikitoka kwanza, mauzo ya tarehe 20 yanamaliza mifuko 40 ya 700, kisha 30 ya 790, kwa hiyo iliyobaki yote ni ya bei mpya. Kwa wastani, mzigo wa tarehe 15 ulikuta mifuko 40 yenye thamani ya 28,000. Jumlisha 63,200, gawa kwa mifuko 120, kila mfuko unakuwa 760. Gharama ya mauzo ya mwezi mzima ni 93,700 kwa njia ya kwanza na 95,200 kwa ya pili.

Tofauti hiyo ya 1,500 haijapotea. Mifuko 50 ikiuzwa mwezi ujao, njia ya kwanza itabeba gharama ya 39,500 na ya wastani 38,000, kwa hiyo faida ya miezi miwili inalingana kabisa. Bei ikishuka, mambo yanageuka: wastani ndio unaoonyesha faida kubwa kwanza.

Kosa lililonisumbua mimi ni jingine. Duka moja nililolihudumia, nilijumlisha bei mbili nikagawa kwa mbili, kana kwamba mizigo ilikuwa sawa; kwa bei zako za 700 na 790 ingekuwa 745. Ukiweka bei hiyo kwenye mifuko 130 iliyouzwa na 50 iliyobaki, jumla ni 134,100, yaani 900 zaidi ya pesa zilizotoka mfukoni. Tangu hapo najumlisha gharama ya iliyouzwa na thamani ya iliyobaki kila mwisho wa mwezi, na zisipolingana na ununuzi sifungi kitabu.

Kuna pia wastani wa mwezi mzima, 133,200 kwa 180, ambao ni 740. Huo unaipa mifuko ya tarehe 8 gharama ya mzigo ambao ulikuwa haujafika. Unakubalika, lakini usiuchanganye na ule unaohesabiwa kila mzigo unapoingia.

IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoo, inaruhusu njia zote mbili, ila uchague moja na uishike. Duka lenye lori la mizigo ya bei tofauti kila wiki, mimi ningechagua wastani. Na stoo yenyewe, hata ukitumia wastani kitabuni, mwambie kijana atoe mifuko ya zamani kwanza, maana saruji ikikaa muda mrefu sakafuni inaganda.