Barua kwa mwanangu: sare za sendofu

"Mama, sare za familia kwenye sendofu ya mdogo wangu nimeachiwa mimi. Kitambaa naagizaje, watu wachange vipi, na mafundi niwape tarehe gani?"

Mwanangu, anza na vichwa kabla hujaingia dukani. Nimehesabu wanawake 12, wanaume 5, watoto 4. Mwanamke mpe doti moja, yani yadi 4, shati la mwanaume weka yadi 3 na mtoto yadi 2. Ila shangazi yako na mama mkubwa wa Kibosho usiwadanganye na doti moja, wale weka yadi 6 kila mmoja, gauni refu lenye mikono halitoki kwenye 4 hata fundi awe malaika. Jumla inakuja yadi 75. Majora mengi ni yadi 12 (muulize muuzaji, yapo ya 6 pia), majora 6 hayatoshi kwahiyo unanunua 7, na zinabaki yadi 9 ambazo usizionee huruma, nakwambia kwanini hapo chini.

Nunua yote siku moja duka moja. Hili wengi wanalidharau alafu mwezi unaofuata wanarudi kuongeza wanakuta ua ni lilelile lakini bluu imekuwa nyepesi, kwenye picha inaonekana kama familia mbili. Kama Mbuyuni hupati yote 7 agiza Kariakoo yaje na basi, na muuzaji akupigie picha ya pindo la kitambaa, pale pembeni kunakuwa na maandishi na namba, hakikisha namba ni moja kwa majora yote. Akishakutumia omba kipande kwanza kama muda upo. Chomoa uzi uuwashe kiberiti: pamba inaungua inabaki majivu laini inanuka karatasi, ukiona umejikunja ukawa kidonge kigumu hiyo ni polista, tutatoka jasho ukumbini.

Hela sasa. Tuseme jora ni 60,000, saba ni 420,000. Ukigawa sawasawa kila yadi ni 5,000 lakini usichangishe 5,000, changisha 6,000 maana kuna zile yadi zilizobaki na nauli ya kifurushi. Kwahiyo mwanamke 24,000, mwanaume 18,000, mtoto 12,000. Shangazi na mama mkubwa nao walipe 24,000 hiyohiyo, usije ukathubutu kuandika kwenye grupu la watsap kwamba mwili mkubwa hela zaidi, hiyo vita hatuimalizi. Hesabu inakaa tu: inaingia 426,000, unalipa kitambaa inabaki 6,000 ya kifurushi. Ndo maana andika "tuma na ya kutolea", la sivyo hiyo 6,000 inaliwa na makato yote. Ushonaji kila mtu na fundi wake, usiushike wewe.

Mwisho wa kutuma hela tarehe 30 Septemba, asiyetuma hakatiwi. Watakaolalamika Novemba, na watakuwepo, ndo wanunue zile yadi 9, zinatoa doti mbili, na hela yao ilipe ushonaji wa bibi. Ukikata vipande bandika karatasi yenye jina na yadi kwenye kila kimoja, vitenge vikifanana hakuna anayejua cha nani.

Fundi ndo kizungumkuti. Sherehe ni Jumamosi tarehe 19 Disemba na unaijua Moshi Disemba, watu wote wa Dar wanapanda na vitambaa vyao, kuna kipaimara, harusi, ubatizo, fundi anapokea kila kinachokuja hata kama anajua hamalizi. Kitambaa kiwe mkononi mwa kila mtu katikati ya Oktoba, kiloweke usiku mmoja kianikwe kabla ya kupeleka maana pamba inarudi ikifuliwa, na kwa fundi kifike kabla ya Oktoba kuisha. Mwambie sherehe ni tarehe 5. Mpe nusu ya hela, nusu ukichukua. Kujaribu iwe wiki ya tatu ya Novemba, na siku hiyo usiulize "umefikia wapi", atakwambia imebaki vifungo tu. Mwambie akutolee nguo uione: kama kitambaa bado kimekunjwa vilevile kwenye mfuko hajagusa, kama kimekatwa lakini hakijaunganishwa bado ana wiki nzima ya kazi, na hapo unakaa kwenye benchi lake mpaka akuahidi siku mbele ya wateja wengine. Walioko Dar na Arusha washone hukohuko, watumie vipande vyao mapema tu.

Babu yako hatakubali kupimwa, unamjua. Chukua lile shati lake jeupe la kanisani mpelekee fundi alipime hilo, ila mwambie aongeze inchi mbili tumboni.