Notisi ya KRA ya kushtakiwa kwa kutowasilisha ritani: cha kufanya ndani ya siku 14, na wakati wa kutafuta wakili

Swali: "Wakuu, nimepata barua kutoka KRA kwamba kampuni yangu haijawasilisha ritani kwa muda mrefu na nisipofanya hivyo ndani ya siku 14 nitashtakiwa. Kampuni ililala tangu katikati ya 2022, haina kitu. Ina VAT na ushuru wa mapato. Nifaili nil zote nimalize, au nitafute wakili kwanza?"

Usifaili nil hata moja kabla ya kuangalia kilichoko kwenye akaunti ya kampuni. Kosa la kutowasilisha ritani ni jepesi ukililinganisha na kosa la kuwasilisha ritani ya uongo, na wengi huvuka kutoka la kwanza kwenda la pili kwa usiku mmoja, wakiwa saiba, kwa sababu ya hofu.

Kwanza hakikisha barua ni ya kweli. Ingia iTax wewe mwenyewe, tazama kituo chako cha ushuru kwenye wasifu wa PIN, kisha uende na barua mkononi uulize ni afisa gani anashika faili lako. Malipo ya ushuru hupitia namba ya malipo, yaani PRN, inayotolewa na iTax yenyewe. Anayekuambia utume kitu kwa simu yake "ili faili lipotee" ni tapeli, au ni mtu atakayekuongezea kesi ya pili.

Ukishajua ni ya kweli, isome ujue ni barua ya aina gani. Onyo la mashtaka lina muda wake ulioandikwa ndani. Lakini mara nyingi hufuatana na karatasi nyingine, makadirio ya Kamishna, ambapo KRA imekukadiria ushuru kwa sababu hukusema lolote. Hayo yana saa yake tofauti: siku 30 za kuweka pingamizi, ambalo lazima lieleze sababu, liambatane na hati za kuunga mkono, na ushuru usioupinga uwe umelipwa au umepangiwa malipo. Watu hukimbizana na onyo, siku 30 zikapita kimyakimya, na makadirio yakageuka deni kamili. Barua ya tatu, samansi ya mahakama, ni jambo lingine kabisa, nitaifikia.

Angalia pia barua hizi zilitumwa wapi. KRA hutumia baruapepe iliyosajiliwa kwenye PIN, na katika kampuni nyingi ndogo hiyo ni ya mwenye saiba au mhasibu aliyeondoka. Kutoiona si utetezi wenye nguvu. Badilisha anwani hiyo leo, kisha tafuta zile za nyuma, kwa sababu huenda makadirio yalishatumwa huko.

Sasa ingia kwenye akaunti. Fungua `View Filed Return` uone miezi na miaka iliyopo, halafu orodhesha kwenye karatasi ile iliyokosekana, kila jukumu peke yake. Kisha fungua `My Ledger`, upakue na uchapishe kama ilivyo siku hiyo, kabla hujagusa kitu. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inasema mtu hatozwi adhabu ya fedha na kushtakiwa pia kwa kosa lilelile. Kamishna anachagua moja. Ikiwa leja inaonyesha kwamba adhabu za miezi fulani zilishatozwa, karatasi hiyo ni silaha kwa wakili wako. Ukianza kufaili, leja inabadilika na itakuwa kazi kuonyesha kipi kilikuwepo kabla.

Hatua inayofuata ndiyo ya kuokoa watu: vyeti vya ushuru wa zuio. Mteja aliyekulipa ada ya kitaalamu alikata asilimia 5 na kuipeleka kwa PIN yako, na KRA inaiona. Tuchukulie kampuni yako ililala Juni 2022 kama ulivyosema, mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, na unakosa VAT ya Julai 2022 hadi Desemba 2024 pamoja na ritani za mapato za 2022, 2023 na 2024. Unakuta cheti cha Septemba 2022 cha shilingi 18,000. Hiyo ni asilimia 5 ya 360,000. Kumbe kuna mteja aliyelipa baada ya mlango kufungwa.

Hapo maana ya "haina kitu" inabadilika. Mapato ya 2022 si nil, kwa kuwa kuna kazi ya Januari hadi Juni, na hiyo 360,000 nayo ni mapato. Ile 18,000 utaidai kama ushuru uliokwishalipwa. Kisha tafuta ankara yenyewe. Ikiwa ni ya Juni na ilishaingia kwenye VAT ya Juni, miezi yote 30 ya VAT inaweza kuwa nil kweli. Ikiwa ni ya Agosti 2022, basi VAT ya Agosti ni asilimia 16 ya 360,000, yaani 57,600, iliyopaswa kulipwa kufikia tarehe 20 Septemba. Ukiifaili nil mwezi huo, umeandika uongo ambao cheti cha mteja kinaupinga.

Hesabu ya adhabu si ngumu. Ritani ya VAT iliyochelewa hutozwa 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, kile kilicho kikubwa. Kwa Agosti, asilimia 5 ya 57,600 ni 2,880, kwa hiyo 10,000 ndiyo inayobaki. Miezi 30 inakuwa 300,000. Ritani ya mapato ya kampuni ni 20,000 au asilimia 5, hivyo miaka mitatu ni angalau 60,000. Jumla 360,000, na hapo juu ongeza kwa Agosti adhabu ya kuchelewa kulipa ya asilimia 5, yaani 2,880, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, 576 kila mwezi. Ona jinsi ushuru wenyewe ulivyo mdogo mbele ya adhabu za kunyamaza. Ule msamaha wa adhabu na riba wa vipindi hadi Desemba 2023 ulifungwa 30 Juni 2025, kwa hiyo usipange mambo yako kwa kuutegemea.

Kiasi hicho kisikuzuie kufaili. Kufaili ni jambo moja na kulipa ni jingine. Onyo lako linahusu ritani, na ritani inapokelewa hata kama huna shilingi. Deni utaliombea malipo ya awamu baadaye, ukipendekeza kiasi unachoweza kweli, kwa maana kuvunja mpango wa awamu kunakurudisha mahali pabaya kuliko ulikotoka.

Faili kuanzia ya zamani kuja mpya, kwa sababu hasara na salio la VAT huhamishwa kwenda kipindi kinachofuata. Miezi iliyo nil kweli hupitia `File Nil Return`, dakika chache kila mmoja. Mwezi wenye mauzo na ritani ya mapato yenye hesabu ni faili la Excel linalopakuliwa iTax, likajazwa makro zikiwa zimewashwa, likathibitishwa na kupandishwa. Simu haitakusaidia hapo. Kila ritani inatoa risiti ya uthibitisho. Ihifadhi kwa jina la mwezi. Ukigundua kosa baada ya kutuma, kuna `File Amended Return`. Irekebishe wewe kabla hujaulizwa.

Usingoje umalize zote ndipo ujibu barua. Kabla ya siku ya 14 peleka jibu fupi kituoni: namba ya barua yao, PIN, orodha ya ritani zilizokwishawasilishwa na risiti zake, zilizobaki, na tarehe utakayozimaliza. Omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Jibu liishie hapo. Usieleze kwa nini hukufaili, usiandike "nakiri", usimlaumu mhasibu. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kusomwa mahakamani, na hayakuhitajika.

Kuhusu wakili: kama hali yako ni miezi iliyolala kweli, barua ni onyo tu na hakuna aliyekuita, mhasibu mzuri anatosha. Pesa ya wakili ingelipa adhabu kadhaa. Mambo yanabadilika katika hali hizi.

Ukikuta mapato ambayo hayakutangazwa, hasa VAT uliyowatoza wateja au PAYE uliyokata wafanyakazi na hukuipeleka, mwone wakili kabla ya kufaili, na kabla ya kumsimulia mhasibu kila kitu. Mazungumzo yako na wakili yanalindwa na sheria. Mhasibu anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Wakili mzuri ndiye atakayemwajiri mhasibu.

Ukiitwa kuandikisha taarifa kwa wachunguzi wa KRA, nenda naye. Kuitwa "tuongee kidogo" na mchunguzi si sawa na kuitwa na afisa wa kituo.

Ukiletewa karatasi ya kumaliza jambo nje ya mahakama, usitie sahihi hapo hapo. Sheria inamruhusu Kamishna kumalizana nawe kwa malipo kabla kesi haijafunguliwa, ila sharti ukiri kosa kwa maandishi na uombe mwenyewe. Mara nyingi ni njia nzuri, lakini wakili asome kwanza ni kosa lipi unalokiri: kutowasilisha, au jingine zito lililochomekwa.

Na ukipata samansi, hakuna mjadala. Fika mahakamani siku iliyoandikwa, hata kama ritani zote zilishaingia jana yake. Usipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Kosa la kutowasilisha lina faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ritani ulizofaili peke yake hazifuti kesi, lakini humpa wakili cha kuombea mashtaka yaondolewe, au kupunguza faini. Kumbuka pia kwamba mashtaka ya kampuni yanaweza kumfikia mkurugenzi binafsi. Kama una mkurugenzi mwenzako, hata akiwa Dubai, naye ajulishwe mapema, na kama mnalaumiana, kila mmoja awe na wakili wake. Kabla ya kulipa, tafuta jina la wakili kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria Kenya uone kama cheti chake cha mwaka kiko hai, na uulize kama amewahi kushika kesi ya jinai ya ushuru, maana anayeshughulikia hati za mashamba atajifunzia kwako.

Mwisho wa kazi, funga bomba. Kampuni yenye mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kuwa na VAT, kwa hiyo omba jukumu hilo liondolewe. Kuliondoa hakufuti miezi ya nyuma, na mpaka upate jibu la kukubaliwa unaendelea kufaili kila tarehe 20. Na ukisikia mtu akisema kampuni ikifutwa kwa Msajili wa Kampuni basi KRA imeisha, usimsikilize: hizo ni ofisi mbili, ritani ya mwaka ya Msajili si ritani ya ushuru, na PIN yenye majukumu yaliyo wazi inaendelea kuhesabu adhabu hata kama kampuni imefutwa kwenye rejista.