Ukienda likizo, imeili yako imwambie mtu aende wapi

Mimi nashughulika na malipo ya wazabuni kwenye ofisi moja hapa Dodoma, na kwetu mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni kama serikalini, kwahiyo mwezi wa sita inboksi yangu inajaa ankara za kila mtu, wa steshenari, wa chakula cha semina, wa magari ya kukodi, wote wanataka walipwe kabla vitabu havijafungwa. Sasa ukichukua likizo kipindi hicho (na sometaimu inabidi, familia nayo ina ratiba zake) lile jibu la otomatiki unaloacha ndo linakaa kwenye kiti chako.

Majibu mengi ninayopokea mimi mwenyewe yako hivi: "Habari, niko nje ya ofisi, nitakujibu nikirudi. Asante." Lina adabu, hamna shida, ila mchukulie jamaa mwenye gari aliyebeba wataalamu wetu kwenda Kondoa na kurudi, ametuma ankara yake tarehe 24 Juni, anapata jibu hilo. Hajui unarudi lini, hajui kama kuna mtu mwingine anaweza kuipokea, hajui kama ankara imefika mahali au imelala tu kwenye boksi la mtu aliye likizo. Atafanya nini? Atapiga simu. Usipopokea atampigia bosi, au atapanda basi aje mpaka getini aanze kuulizia, na hiyo nauli umemtia wewe hasara kwa sentensi moja ambayo hukuiandika.

Jibu lako limpe mtu hatua inayofuata, na hatua hiyo ukitaka iwe na maana iwe na vitu vitatu: nani, atumiwe nini, na kabla ya lini. Wengi wanaandika "nani" wanaishia hapo. Kwa huyu jamaa wa gari, kumwambia tu "wasiliana na uhasibu" haitoshi, sababu atatuma ankara peke yake, uhasibu watamrudia wanadai LPO, ile hati ya oda ya manunuzi, ataituma, watamrudia tena wanataka karatasi ya safari iliyosainiwa, na siku zinakatika. Mwambie vyote mara moja. Mimi naandika hivi:

> Kichwa: Niko likizo hadi 7 Julai – ankara zitumwe dawati la uhasibu
>
> Habari,
>
> Asante kwa ujumbe wako. Niko likizo na nitarudi ofisini Jumatano tarehe 8 Julai. Ujumbe huu haujasomwa na mtu mwingine.
>
> Kama unatuma ankara ya kulipwa kabla ya 30 Juni, tafadhali itume upya kwa (imeili ya dawati la uhasibu) kabla ya Ijumaa tarehe 26 Juni saa 9 alasiri. Ambatanisha ankara, LPO, na hati ya kupokelea mzigo au karatasi ya safari iliyosainiwa.
>
> Kwa mambo mengine nitakujibu kuanzia tarehe 8 Julai, huna haja ya kutuma tena.
>
> Asante kwa uvumilivu wako.

Angalia ile "ujumbe huu haujasomwa na mtu mwingine". Inaonekana kavu kidogo lakini ndo inayomfanya mtu atume upya, bila hiyo wengi wanadhani imeili imejipeleka yenyewe kwa mwenzako. Na ile "huna haja ya kutuma tena" inafanya kazi ya kinyume kwa wale wasio na haraka, inawatuliza wasikujazie inboksi. Tarehe pia, andika siku unayorudi kazini, usiishie siku likizo inapoisha, maana hapo katikati huwa kuna wikiendi au sikukuu, kama hapo tarehe 7 ni Sabasaba, mtu akisoma "likizo hadi tarehe 6" atakutafuta siku ambayo ofisi imefungwa.

Salamu nayo usiibebe kirahisi. Jibu hili linatoka saa yoyote na kwa mtu yeyote, kwahiyo "habari za asubuhi" itamfikia mtu saa tano usiku, na "shikamoo" utampa kijana wa fildi kutoka UDOM ambaye ndo alitakiwa akupe wewe. "Habari" peke yake inatosha, au "Ndugu" kama ofisi yenu ni ya kiserikali zaidi. Halafu shukrani mstari mmoja, basi, nenda kwenye jambo. Wengi wanasoma kwenye simu, ukimzungushia salamu mistari minne ile tarehe inajificha chini, ndo maana mimi kwenye Gmail naiweka mpaka kwenye kichwa cha habari, ataiona hata kabla hajafungua.

Kabla hujaandika jina la dawati au la mwenzako, nenda mkaongee kwanza, muulize kama yupo siku zote hizo, na kama imeili hiyo kuna mtu anaifungua kila siku. Dawati ni bora kuliko jina la mtu, maana mtu naye anaweza kuugua. Namba binafsi ya mwenzako usiiweke, jibu hili linamfikia hata tapeli, na tapeli akishajua nani hayupo na nani amekaimu ana pa kuanzia, kesho anatuma ya "tumebadilisha akaunti ya benki" akijifanya mlishaongea na wewe. Kwa sababu hiyohiyo usimwambie mtu wa nje kwamba umesafiri na familia wapi.

Kwenye Outlook wameliweka hilo vizuri, kwenye ile classic ya kompyuta ukiingia File halafu Automatic Replies unakuta sehemu mbili, Inside My Organization na Outside My Organization, kwahiyo wa ndani unaweza kuwatajia jina la anayekaimu na wa nje ukawapa dawati tu. Kwa Gmail unafungua kompyuta, See all settings, ukurasa wa General, unashuka mpaka chini kwenye Vacation responder.

Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba Gmail haimjibu mtu yuleyule kila anapoandika. Akishapata jibu mara moja hapati lingine mpaka zipite siku nne, isipokuwa ukihariri ule ujumbe, hapo inaanza upya. Outlook nayo inamjibu kila mtu mara moja kwa kipindi chote. Maana yake huyu jamaa wa gari ana nafasi moja tu ya kusoma maelekezo yako, akiandika tena kesho yake atakutana na ukimya, ndo maana sikushauri uandike kifupi leo kwa nia ya kuongezea baadae.

Halafu kwenye Gmail jaza na Last day. Haikulazimishi, lakini ukiiacha wazi utakuwa umekaa ofisini katikati ya Julai na wazabuni bado wanaambiwa uko likizo. Ukishaseti jitumie imeili kutoka akaunti nyingine, ya nje ya ofisi, uone linalorudi, na ufanye hivyo siku yenyewe likizo inapoanza, kabla ya hapo halitatoka.