Picha za nondo zilizokwama kwenye simu wiki tatu

Mteja wangu mmoja anaishi Mwanza, nyumba anaijenga Chanika, na kila hatua ya ujenzi anataka kuiona kwa picha. Ijumaa moja jioni akanipigia: "Injinia, naomba zile za nondo za msingi, kabla hamjamwaga zege." Nikamwambia anipe dakika tano. Nikafungua laptopu, nikaingia kwenye akaunti ninakohifadhi picha, nikakuta ya mwisho ni ya wiki tatu nyuma. Zege lilishamwagwa, nondo hazionekani tena mpaka kiama. Picha zilikuwepo kwenye simu, sawa, lakini hiyo ndiyo simu ninayopanda nayo jukwaani kila siku ikiwa kwenye mfuko wa shati.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa ruta. Nilikuwa na ushahidi, maana kwa wiki kadhaa waifai ya nyumbani ilikuwa inanikera: nikigusa kitu kwenye simu, kinasitasita kwanza ndipo kinafunguka. Nikaitoa ruta nyuma ya televisheni, nikaipandisha juu ya kabati. Nikabadilisha nywila nikidhani jirani ananinyonya. Mwisho nikawaita wanaoniuzia intaneti, wakamtuma kijana. Akapima kwa simu yake, upande wa kupandisha ukasoma megabiti 3 kwa sekunde. Si kasi ya kutamba nayo, ila kwa picha inatosha. "Kaka, laini yako haina shida," akasema, kisha akaiangalia simu yangu. Ilikuwa na asilimia 31. "Hebu ichomeke kwenye chaji."

Nikaichomeka. Programu ya picha ilikuwa wazi, imeandika kwamba zimebaki picha 640. Baada ya muda mfupi ikawa 639. Halafu 637.

Kilichokuwa kimezikaba ni Kiokoa Betri. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, mgao wa umeme ulipopamba moto, niliingia kwenye mipangilio ya betri nikaipangia simu ijibane yenyewe ikishuka hadi asilimia 75. Kwenye Android ya kawaida, kale ka mstari ka kuburuta hakapiti hapo, na mimi nilikaburuta mpaka mwisho. Mwezi wa pili 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukaanza kuzalisha, mgao ukapungua, nami nikasahau. Simu haikusahau.

Sasa tazama siku yangu ilivyokuwa. Mgao ulinizoesha kuchaji mchana, popote penye umeme, kwa hiyo simu naichomeka saiti. Ikiwa kwenye chaji, Kiokoa Betri kinajizima chenyewe, lakini saiti hakuna waifai, na picha nimeziambia zisipande kwa bando. Jioni nafika nyumbani, waifai ipo, ila betri iko asilimia sitini na kitu na simu haiko kwenye chaji, basi Kiokoa Betri kimeshawaka. Palipo na chaji hakuna waifai, na palipo na waifai hakuna chaji. Wiki tatu nzima masharti mawili yanapishana mlangoni.

Ni vigumu kulishtukia hili kwa sababu simu haionekani kuwa mgonjwa. Kiokoa Betri hakiigusi sana programu uliyoifungua mbele ya macho yako, kinazibana zile zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia. Meseji za WhatsApp ziliendelea kuingia kama kawaida, kwa kuwa meseji hubisha hodi kwa njia ya dharura ambayo mfumo unairuhusu kuiamsha simu. Picha hazina haraka ya namna hiyo. Kupandisha picha ni kazi ya "ukipata nafasi", na mfumo ukishaamua kubana matumizi, nafasi haipatikani.

Masasisho ya programu yana masharti magumu zaidi. Play Store kwa kawaida husasisha yenyewe simu ikiwa kwenye waifai, ikiwa kwenye chaji, ikiwa imetulia haitumiki, na programu yenyewe ikiwa haijafunguliwa. Yangu haikutimiza hayo yote kwa pamoja hata usiku mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini programu ya benki ilinigomea dukani, foleni nyuma yangu, ikidai nipakue toleo jipya kwanza.

Na ule usitaji wa waifai? Hapo nilimwonea ruta, lakini si kwa asilimia mia. Simu yoyote ikitaka kupunguza matumizi ya betri huzima redio yake ya waifai kwa vipande vidogo vidogo vya muda. Ruta hutoa tangazo kama mara kumi kwa sekunde, kila milisekunde 102.4 kwa mipangilio ya kawaida, na simu iliyosinzia huamka kusikiliza kama kuna mzigo wake. Ukiwepo, inauchukua. Usipokuwepo, inarudi kulala. Mzigo uliofika katikati unamsubiri mwenyewe kwenye ruta. Unaweza kuyaona haya kwa macho. Angalia anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio ya waifai, kisha kwenye laptopu ya Windows iliyo kwenye waifai hiyo hiyo andika hivi, ukiweka anwani yako:

```
ping -t 192.168.1.23
```

Kioo kikiwa kinawaka na simu inatumika, yangu ilijibu kwa milisekunde 5 hadi 10. Nilipokizima, namba zikaruka: 80, 150, mara 200. Simu husinzia hivi hata bila Kiokoa Betri, hali ya kubana inaweza tu kuizidishia usingizi, na kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Ukishaanza kupakua faili kubwa kioo kikiwaka, kasi inakuwa karibu ile ile. Ndiyo maana kijana alipima akakuta laini nzima.

Nilichobadilisha ni kidogo. Kiokoa Betri sasa kinawaka kwenye asilimia 20. Simu inachajiwa usiku, chumba kile kile chenye ruta. Kisha kwenye mipangilio ya programu ya picha, sehemu ya betri, nimechagua isiwekewe vizuizi. Hili la mwisho linasaidia ila usilitegemee peke yake, maana baadhi ya kampuni za simu zina mbinu zao za kuua programu juu ya zile za Android, hasa ukiwa na tabia ya kufagia kila kitu kwenye orodha ya zilizofunguliwa. Mimi ni mfagiaji sugu, nimeacha.

Mke wangu ana iPhone, akanicheka mpaka nilipomwonyesha betri yake ya njano juu ya kioo. Njano ile ni Low Power Mode, yaani Kiokoa Betri cha iPhone. Ikiwaka, iCloud Photos inasimama kwa muda, programu hazijisasishi nyuma ya pazia, na barua pepe hazivutwi zenyewe. Hali hiyo hujizima chaji ikifika asilimia 80, na yeye ni mtu wa kuchomoa ikifika sitini kwa sababu anatoka. Alikuwa na picha ambazo hazijapanda tangu harusi ya mdogo wake.

Za kwangu, 640 za takriban megabaiti 4 kila moja, kwa kasi ile ya megabiti 3 zilichukua karibu saa mbili kupanda. Mteja alipata nondo zake saa nne usiku. Akazitazama, akauliza kwa nini nafasi kati ya ringi haziko sawa upande wa jikoni.