Kadi za uwezekano: "na" haimaanishi zidisha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati kidato cha sita hapa Ilemela. Kadi zangu zinasema "na" ni kuzidisha, "au" ni kujumlisha, lakini wanafunzi wanakosa kila swali lenye "kati ya". Niziandikeje?

Jibu: Marahaba. Kwanza ziondoe hizo mbili, maana ndizo zinazowapoteza. Kabla ya kanuni, mwanafunzi ajue anachagua kutoka kundi lipi.

Tuseme samaki 100 wameshushwa Mwaloni pale Kirumba: sangara 40, sato 60. Waliolegea ni 15, yaani sangara 9 na sato 6. Herufi G iwe "ni sangara", na L iwe "amelegea". Sasa andika kadi tatu kwa samaki haohao.

Ya kwanza: "Samaki mmoja anachukuliwa bila kuchagua. Tafuta uwezekano wa kupata sangara aliyelegea." Hapa kundi ni samaki wote, kwa hiyo P(G ∩ L) = 9/100. Ya pili: "Samaki aliyechukuliwa ni sangara. Kuna uwezekano gani kwamba amelegea?" Kundi limepungua, wamebaki sangara 40 tu: P(L | G) = 9/40. Ya tatu: "Kati ya waliolegea, kuna uwezekano gani wa kupata sangara?" P(G | L) = 9/15.

Angalia Kiswahili chetu kinavyotega. "Sangara aliyelegea" na "sangara amelegea" yametofautiana kidogo tu, lakini kwenye kadi ya pili usangara tumeshaambiwa, hauhesabiwi tena. Kilichokwisha kujulikana ndicho kinachokaa kulia kwa mstari wima. "Ikiwa", "iwapo", "kati ya" na "miongoni mwa" mara nyingi hutangulia kundi hilo.

Kadi yako ya "na" ingetoa 40/100 × 15/100 = 0.06, wakati jibu ni 0.09. Kuzidisha hivyo kunafaa pale tu matukio hayaathiriani, na hapa yanaathiriana: waliolegea ni 0.15 kwa samaki wote, lakini kwa sangara peke yao ni 9/40, yaani 0.225. Kanuni inayofaa wakati wote ni P(G ∩ L) = P(G) × P(L | G), nayo inatoa 40/100 × 9/40 = 0.09. Kwa "au", ondoa waliohesabiwa mara mbili: 40 + 15 − 9 = 46, ndiyo 0.46.

Kwa hiyo mbele ya kadi weka sentensi tupu. Nyuma weka mistari mitatu: kundi, alama, kanuni, kwa mpangilio huo. Mwanafunzi ataje idadi ya kundi kwa sauti kabla hajageuza kadi. Akisema 100 kwenye kadi ya tatu, msimamishe hapohapo na umrudishe kwenye sentensi, kwa sababu kosa lake ni la kusoma na kanuni bado hajaifikia.