Kuhama hosti bila kupoteza barua pepe wala nafasi Google

*"Wakuu, niko Mbeya. Tovuti ya ofisi ipo WordPress na nataka kuihamishia hosti nyingine, domeini ileile. Nifanyeje barua pepe, kurasa na nafasi yetu Google visipotee?"*

Mkuu, kazi kama hiyo niliifanyia loji moja ya Iringa inayopokea wageni wa Ruaha. Oda zao karibu zote huja kwa barua pepe, kwa hiyo nilianza na barua, tovuti baadaye. Kabla ya kugusa chochote, angalia barua zako zinaelekezwa wapi:

```
dig mfano.co.tz MX +short
```

Kwa loji ile jibu lilikuwa `0 mfano.co.tz.`, yaani MX, rekodi inayoelekeza barua, ilielekea kwenye domeini yenyewe. Huo ndio mtego. Ukibadilisha rekodi ya A ili tovuti ihamie seva mpya, barua nazo zinaifuata huko, ambako hakuna sanduku hata moja, na wateja wanarudishiwa barua zao.

Niliiacha DNS kwa hosti wa zamani kwanza. Nikatengeneza rekodi ya A ya `mail` yenye IP ya zamani (ilikuwa CNAME, yaani jina linalofuata tu domeini kuu, ikabidi niifute), kisha MX nikaielekeza `mail.mfano.co.tz`. TTL, yaani sekunde ambazo seva nyingine hukumbuka rekodi ya zamani, ilikuwa 14400, sawa na saa nne, nikaishusha hadi 300. Saa nne zikipita, ukigeuza A dunia inakufuata ndani ya dakika chache, na mambo yakiharibika unarudi nyuma upesi vilevile.

Kuna jambo watu hulisahau: seva mpya yenye cPanel inaweza kudhani barua za domeini hiyo ni zake. Fomu ya tovuti ikituma oda, inaishia humohumo na hakuna anayeiona. Ingia Email Routing, chagua Remote Mail Exchanger.

Kurasa sasa. Nakili faili na database, kisha jaribu kabla ya kugeuza A kwa kuongeza mstari huu kwenye faili la `hosts` la kompyuta yako, ukiweka IP ya seva mpya:

```
203.0.113.20 mfano.co.tz www.mfano.co.tz
```

Usiridhike na ukurasa wa mbele. Ukifunguka huo na za ndani zikatoa 404, mara nyingi `.htaccess` imebaki nyuma kwa sababu ni faili lililofichwa.

Google haina shida na IP mpya. Anwani za kurasa zikibaki zilezile, huhitaji Change of Address, hiyo ni ya wanaobadilisha domeini. Hakikisha tu ndani ya WordPress, kwenye Settings, Reading, kisanduku cha "Discourage search engines" hakina tiki. Mafundi hukiweka wakati wa majaribio wakakiacha.

Akaunti ya zamani usiifunge bado. Barua za miaka yote zimo humo, na zinahamishwa kwa `imapsync` sanduku kwa sanduku. Hapo ndipo MX nayo inahamia kwenye seva mpya, na Email Routing unairudisha Local Mail Exchanger.