Mti wa jirani ukiangukia gari, anza na bima yako mwenyewe

"Tawi la mti wa jirani limevunja gari langu usiku wa mvua. Jirani anasema ni kazi ya Mungu. Nidai bima yake au yangu?"

Pole sana, ndugu. Anza na yako, mradi uwe na bima kubwa. Bima ndogo hulipa madhara ambayo gari lako limewasababishia wengine tu, kwa hiyo hapa haikusaidii. Jirani naye hawajibiki kwa sababu tu mti ni wake. Anawajibika pale alipojua, au alipaswa kujua, kwamba mti huo ni hatari, naye akauacha. Mti wenye afya uking'olewa na upepo mkali, hoja yake ya kazi ya Mungu ina nguvu.

Kwangu ilikuwa Dar es Salaam, wakati wa masika. Tawi la mwembe wa jirani lilibonyeza paa la gari, likavunja kioo cha mbele na kutoboa bati za nyumba. Kabla ya kuondoa chochote nilipiga picha, na fundi alipolikata nikamwomba aniachie kipande cha pale lilipovunjikia: ndani kulikuwa na rangi ya kahawia, mbao inapukutika kama unga, na njia za mchwa zilionekana wazi. Uyoga ulikuwa umeota shinani tangu mwaka uliotangulia, na mwezi Januari nilikuwa nimemwandikia jirani barua kuhusu jambo hilo, nakala nikampa mjumbe.

Gereji ilikadiria shilingi 4,200,000. Kampuni yangu ya bima ilimtuma mthamini wake, ikakubali kiasi hicho, ikakata eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 10, yaani 420,000, na kulipa 3,780,000. Baada ya kulipa, kampuni huingia katika nafasi yako na inaweza kumdai jirani fedha hizo. Ndiyo maana nakusihi usisaini karatasi yoyote ya kumsamehe jirani, hata akikupa fedha kidogo kwa nia njema, kabla ya kuzungumza na kampuni, kwa sababu ukiiharibia haki hiyo inaweza kukataa dai lako. Jirani angekuwa na bima ya dhima kwa nyumba yake, ile inayolipa madhara anayowajibika kwa wengine, kampuni yake ingelipa, lakini ni wachache mitaani kwetu walio nayo.

Eksesi nilimdai jirani mwenyewe. Barua ya Januari na kile kipande cha mti vilimaliza ubishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akalipa kwa awamu mbili.

Bati ndizo zilizoniuma. Bima yangu ya nyumba ilitaja moto na radi tu; dhoruba na kuangukiwa na miti ni nyongeza ambazo sikuwa nimezinunua. Jirani alikubali kununua bati sita, fundi nikamlipa mimi. Ulipokuja wakati wa kuhuisha bima hiyo, nilisoma orodha ya majanga neno kwa neno kabla ya kusaini.